Kabla ya kuiachisha kampuni ya jenereta: barua mbili, si moja

*«Metre, jambo. Mimi ni msimamizi wa polikliniki hapa Lubumbashi. Tuna kontra ya mwaka mmoja na kampuni ndogo inayotunza jenereta yetu, dola 400 kwa mwezi. Sevisi wanaruka, wakiitwa wanachelewa, na mwezi wa saba tulikaa usiku mzima bila umeme wakati SNEL ilikuwa imekata. Nimewalalamikia kwa WhatsApp mara nyingi. Nimeandika barua ya kuwaachisha leo hii, naomba uiangalie. Faktire yao ya mwezi wa nane sijailipa. Tena mwenye kampuni tunasali naye, sipendi kumwaibisha. Niandike namna gani asinipeleke mahakamani?»*

Mama, asante kwa kunitumia kontra yenyewe, picha za daftari la jenereta na ile barua. Naomba barua hiyo isitoke ofisini kwako bado. Malalamiko yako mengi ni ya kweli na yanaonekana kwenye karatasi, lakini barua yenyewe ingegeuza mambo: wewe unataka kuusitisha mkataba, nayo inauvunja. Ukiwaambia leo «msirudi tena», kesho mwenye makosa mbele ya hakimu unakuwa wewe.

Sababu yake iko katika sheria yetu ya zamani ya mikataba, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado ndiyo tunayoitumia. Kifungu chake cha 33 kinasema mkataba uliofungwa kihalali ni sheria kwa waliouweka, na hauwezi kuondolewa ila kwa kukubaliana wote wawili au kwa sababu ambazo sheria inaziruhusu. Kifungu cha 82 kinaongeza kwamba upande mmoja usipotimiza wajibu wake, mkataba haufi wenyewe: aliyeumizwa anachagua kati ya kulazimisha kazi ifanyike na kuomba mkataba uvunjwe pamoja na fidia, na kuvunjwa huko huombwa mahakamani. Hakimu anaweza hata kumpa mwenye kosa muda wa kujirekebisha. Hiyo ndiyo njia ya kawaida, ndefu na ya gharama. Mkataba wenu umewapa njia fupi zaidi, lakini njia fupi ina masharti yake, na hakimu huyasoma neno kwa neno.

Fungua kifungu cha 9. Kina milango miwili. Kwenye 9.1, upande wowote unaweza kuumaliza mkataba bila kutoa sababu, kwa notisi ya siku 60. Kwenye 9.2, upande mmoja ukishindwa kutimiza wajibu wake, mwingine anamwandikia akimtaka ajirekebishe ndani ya siku 15. Zikipita bila kosa kurekebishwa, mkataba unakatika kwa barua, bila kupitia mahakamani. Kisha soma kifungu cha 11: barua zote za mkataba zinapelekwa kwa mkono kwenye anwani iliyoandikwa ukurasa wa kwanza na kusainiwa na anayezipokea. WhatsApp haikutajwa popote.

Basi ujumbe wako wa WhatsApp usiufute, kwa sababu utatumika. Chini ya sheria za biashara za OHADA, zinazotumika katika nchi kadhaa za Afrika na ambazo nchi yetu inazifuata tangu 2012, mfanyabiashara anaweza kuthibitishiwa mambo kwa njia yoyote, hata ya elektroniki. Ujumbe ule unaonyesha kwamba ulimwita, saa ngapi, na alijibu nini. Lakini si barua ya 9.2. Hakuna mahali uliposema «tunakupa siku 15, na usipofanya hili na hili, mkataba utakatika». Kulalamika mara ishirini hakujumlishiki kuwa onyo moja rasmi, lile tunaloita mizandemere.

Tupige hesabu ili uone kila njia inakuweka wapi. Mkataba ulianza tarehe 1 mwezi wa pili na unaisha tarehe 31 ya mwezi wa kwanza mwakani. Ukiwafukuza leo, mwanzoni mwa mwezi wa tisa, miezi mitano inabaki, yaani dola 2,000. Hakimu huenda asimpe zote, kwa kuwa kazi asiyoifanya haikumgharimu fundi wala mafuta ya gari, ila ndicho kiasi atakachoanza kudai, na juu yake ataweka gharama za kesi. Ukitumia mlango wa 9.1, unalipa siku 60, yaani kama dola 800, na hana la kukudai kuhusu kumalizika kwa mkataba. Ukitumia 9.2 vizuri, unalipa siku za kazi tu hadi mkataba unapokatika, kama dola 320 za mwezi huu kwa tarehe nitakazokupa hapa chini. Kati ya mlango wa kwanza na wa pili kuna tofauti isiyofika dola 500. Kama ungekuwa na ushahidi dhaifu, ningekuambia moja kwa moja: chukua 9.1, lipa, lala usingizi. Ushahidi wako kwa sehemu moja ni mzuri sana, na jenereta inayowasha chumba cha kuzalishia haipaswi kungoja siku 60 mikononi mwa mtu asiyeitunza. Kwa hiyo tutaenda kwa 9.2, halafu 9.1 tutaiweka nyuma kama ukuta.

Sasa twende kwenye daftari, maana hapo ndipo barua inapata nguvu yake. Katika rasimu yako umeandika kwamba wao ni «wazembe na matapeli ambao karibu waue wagonjwa». Naelewa uchungu wa usiku ule. Ila sentensi hiyo haithibitishi chochote, na inampa yeye silaha. Angalia badala yake kaunta ya masaa. Kiambatisho cha mkataba kinataka sevisi kila masaa 250 ya kazi. Daftari, lenye saini ya fundi wao mwenyewe, linasema sevisi ilifanyika tarehe 18 mwezi wa tatu kaunta ikiwa 4,112. Iliyofuata ni tarehe 17 mwezi wa sita, kaunta 4,590. Hapo katikati yamepita masaa 478, karibu mara mbili ya kipimo. Tangu hapo hakuna sevisi nyingine, na picha uliyonitumia juzi inaonyesha 4,987, yaani masaa 397 tangu ile ya mwezi wa sita. Ilipaswa kufanyika kwenye 4,840. Hesabu hii haihitaji shahidi, kwa sababu saini ni yao na kaunta haina upande.

Usiku wa mwezi wa saba, kinyume na unavyofikiri, ni hoja ngumu zaidi, na nakuomba tuishike kwa uangalifu. Sentinele aliandika kwamba jenereta ilizima saa 21:40, akampigia fundi saa 21:50, na fundi akafika saa 9:15 asubuhi. Mkataba unampa masaa 6; yeye alichukua 11 na dakika 25. Kuchelewa kuko wazi. Lakini soma alichoandika fundi asubuhi ile chini ya ukurasa: filta ya mazutu imeziba, kuna maji kwenye mazutu. Mazutu, kwa mkataba wenu, hununuliwa na polikliniki. Ukiandika kwamba walisababisha jenereta kuzima, atajibu kwamba ni mazutu yenu yaliyoizima, na saini ya sentinele wenu iko chini ya maneno hayo. Basi barua itataja kuchelewa kufika, na haitasema neno lolote juu ya sababu ya kuzima. Kila kosa unalolitaja bila uwezo wa kulithibitisha linapunguza uzito wa yale unayoweza kuyathibitisha. Nimeona jalada zuri likilegea kwa namna hiyo: shule moja ilitaja makosa tisa ya kampuni ya usafi, matatu ya kweli kabisa, na kesi nzima ikageuka kuwa mjadala wa yale sita mengine.

Kuna jambo jingine la kumaliza kabla ya kuandika: faktire ya mwezi wa nane. Ilipe. Najua inauma kulipia mwezi ambao sevisi haikufanyika, ila mkataba wenu ni wa bei moja kwa mwezi, na hakuna kifungu kinachokuruhusu kukata kitu kwenye malipo. Mtu anayedaiwa akimwandikia mwenzake kwamba hatimizi wajibu, jibu la kwanza ni «na wewe je?». Atasema alisimamisha sevisi kwa sababu hakulipwa, na hoja hiyo mahakamani inasikilizwa. Lipa kwa benki, usilipe mkononi, na kwenye karatasi ya malipo andika: «Faktire ya mwezi wa nane, bila kukubali kwamba kazi ya mwezi huo ilifanyika kama mkataba unavyotaka.» Maneno hayo machache yanakulinda asije akasema malipo yako ni ushahidi wa kuridhika.

Kisha barua ya kwanza. Kontra yenu iko kwa Kifaransa, basi barua zote mbili ziende kwa Kifaransa. Naziweka hapa kwa Kiswahili ili uone kila sentensi inafanya kazi gani, nawe mwombe katibu azitafsiri bila kupamba.

«Kwa Mkurugenzi. Tunarejea mkataba wetu wa kutunza jenereta ulioanza tarehe 1 mwezi wa pili. Kiambatisho chake cha 1 kinataka sevisi kila masaa 250 ya kazi. Daftari la jenereta, ambalo nakala ya kurasa zake tunaiambatisha, linaonyesha sevisi tarehe 18 mwezi wa tatu kwa kaunta 4,112, na tarehe 17 mwezi wa sita kwa kaunta 4,590. Hakuna sevisi nyingine iliyoandikwa tangu hapo, na picha ya kaunta tunayoiambatisha inasoma 4,987. Aidha, kifungu cha 5 kinataka fundi afike ndani ya masaa 6 baada ya kuitwa. Tarehe 12 mwezi wa saba fundi wenu aliitwa saa 21:50. Alifika tarehe 13 saa 9:15.

«Kwa mujibu wa kifungu cha 9.2, tunawaomba ndani ya siku 15 tangu kupokea barua hii mfanye sevisi iliyopita muda wake, na kutukabidhi fishi yake iliyosainiwa. Pia mtupatie kwa maandishi jina na namba ya fundi wa zamu ya usiku. Wafanyakazi wetu watawafungulia siku yoyote, kuanzia saa 7:00 hadi saa 18:00. Ikiwa mna maelezo au karatasi zinazoonyesha vingine, tutazisoma. Siku hizo zikipita bila haya kufanyika, polikliniki itaweza kuusitisha mkataba kama kifungu cha 9.2 kinavyoeleza. Tunahifadhi haki zetu nyingine zote.»

Tazama kwanza kwamba barua inaomba vitu vinavyowezekana kufanyika ndani ya siku 15. Usiku wa tarehe 12 umekwisha kupita. Huwezi kumtaka aurekebishe. Ukimtaka «aache kuchelewa», siku 15 zinaweza kupita jenereta isizime hata mara moja, na hutakuwa na namna ya kusema ameshindwa. Sevisi na fishi yake, ndivyo vinavyopimika. Ndiyo maana barua inaegemea hapo, na kuchelewa kunabaki kama kosa la pili lenye dawa ndogo ya maandishi.

Halafu ile sentensi kuhusu maelezo na karatasi zake. Usiitoe kwa kuona ni upole wa bure. Huenda fundi alifanya sevisi mwezi wa nane na akasahau kuandika daftarini, huku fishi iko ofisini kwao. Ni bora ulijue hilo sasa kuliko kulisikia Tribinali ya Biashara kutoka kwa metre wake. Na kwa mtu mnayesali pamoja, hiyo ndiyo haki yenyewe: kupewa nafasi ya kusema kabla ya kuhukumiwa.

Mwenye kusaini awe Daktari, mwenye polikliniki, kwa kuwa ndiye aliyesaini kontra. Wewe msimamizi unaweza kusaini tu kama una karatasi ya kukupa mamlaka hayo. Barua iliyosainiwa na asiye na mamlaka ni zawadi kwa upande wa pili, maana siku 15 zinaweza kuhesabiwa kana kwamba hazijaanza.

Ipeleke kwa nakala mbili kwenye anwani ileile iliyo ukurasa wa kwanza wa mkataba, hata kama unajua siku hizi anakaa zaidi kwenye depo yake nyingine. Anayepokea aandike kwenye nakala yako jina lake, tarehe, saa, asaini, na kama wana muhuri, waupige. Akikataa kusaini, usigombane naye mlangoni. Rudi, mtafute huisie wa mahakama. Ataipeleka rasmi na karatasi yake itasema ilipelekwa lini na nani alikataa nini. Baada ya hapo unaweza kumtumia picha ya barua kwa WhatsApp pia, iwe nyongeza tu. Tuseme imepokelewa Jumatatu tarehe 8 mwezi wa tisa. Siku ya kupokea usiihesabu. Siku ya 15 ni tarehe 23, yote nzima hadi usiku. Barua ya pili haitoki kabla ya tarehe 24. Naona watu wakihesabu tangu tarehe iliyochapwa juu ya barua badala ya siku ilipopokelewa, wanatangulia kwa siku mbili tatu, na kwa siku hizo mbili tatu wanapoteza yote.

Siku hizo 15 zina adabu yake. Mlango wa chumba cha jenereta uwe wazi kwao kweli. Sentinele aambiwe kwamba fundi wao akija anafunguliwa, na jina lake na saa yake viandikwe, hata akija bila filta na kuondoka. Usimwite fundi mwingine kugusa jenereta, ila kama imezima na wao wameitwa bila kufika. Hapo maisha ya wagonjwa yanatangulia, na utaandika saa ulizowaita kabla ya kumwita huyo mwingine. Ukimwingiza fundi mgeni bila sababu hiyo, watasema aliharibu kitu, na huwezi kuthibitisha kwamba hakuharibu.

Kuhusu huyu ndugu yako wa kanisani, mpigie simu kabla barua haijafika, au nenda umwone. Mwambie: «Kesho utapokea barua kutoka kwetu kuhusu sevisi. Nimependa uisikie kwangu kwanza.» Ishia hapo. Atajaribu kukufanya useme «usijali, ni karatasi tu», na moyo wako utataka kulisema neno hilo. Usiliseme, wala usimwandikie kitu cha namna hiyo baadaye. Neno kama hilo likionekana kwenye simu yake, atasema ulimwondolea muda. Wala usipeleke habari hii kwenye grupu ya WhatsApp ya wasimamizi wa kliniki, kama ulivyoniuliza kwenye ujumbe wa pili. Kumsingizia mtu hadharani jambo mahususi linaloharibu heshima yake kwa nia mbaya ni kosa la jinai, kifungu cha 74 cha kitabu cha pili cha kodi ya adhabu, na kwa upande wa fidia kuna kifungu cha 258 cha sheria ya mikataba na wajibu, kinachomlazimu kila anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake kulipa. Kama msimamizi mwenzako anakuuliza baada ya mkataba kukatika, jibu kwamba umekwisha, na kwamba mnatafuta mtu mpya wa sevisi. Hilo linatosha.

Itakuwaje akirekebisha? Akifanya sevisi tarehe 19 na kukuletea fishi na jina la fundi wa zamu, mlango wa 9.2 umefungwa kwa safari hii, na lazima uukubali ukweli huo. Kama bado huna imani naye, chukua 9.1 na siku zake 60. Akifanya nusu, kwa mfano amebadilisha mafuta ya injini lakini filta ya hewa ikabaki ileile, soma kiambatisho: kama filta ya hewa imo kwenye orodha ya sevisi, sevisi haijakamilika. Mwandikie mistari miwili siku hiyohiyo ukimwambia ni nini kimebaki, usingoje siku ya 16 kumshtukiza. Hakimu akiona ulinyamaza huku ukijua, ataona mtego, na nia njema ambayo kifungu cha 33 kinaidai itakuwa imekosekana kwako.

Ikiwa tarehe 23 imepita bila kitu, barua ya pili inaandikwa fupi kuliko ya kwanza:

«Kwa Mkurugenzi. Tarehe 8 mwezi wa tisa mlipokea barua yetu iliyowataka, kwa mujibu wa kifungu cha 9.2, mfanye sevisi iliyopita muda na kutupatia jina la fundi wa zamu ndani ya siku 15. Muda huo uliisha tarehe 23. Daftari la jenereta halionyeshi kazi yoyote ndani yake, wala hatukupokea maelezo yenu. Kwa hiyo tunausitisha mkataba chini ya kifungu cha 9.2, kuanzia siku mtakapopokea barua hii. Endapo ingeamuliwa kwamba masharti ya 9.2 hayakutimia, barua hii ihesabiwe kuwa notisi ya siku 60 chini ya kifungu cha 9.1.

«Tutawalipa siku za mwezi huu hadi leo, siku 24 kati ya 30, yaani dola 320, ndani ya siku 10 baada ya kupata faktire yenu. Tunaomba mje tarehe 26 saa 10:00 kuchukua vifaa vyenu vilivyo kwenye chumba cha jenereta na kurudisha funguo. Tutasaini pamoja karatasi ya makabidhiano. Tunawashukuru kwa kazi iliyofanyika tangu mwezi wa pili, na tunahifadhi haki zetu.»

Sentensi inayotaja 9.1 ndiyo ule ukuta niliokuambia. Bila hiyo, hakimu akiona kasoro katika onyo lako, unarudi kwenye zile dola 2,000. Ikiwepo, una hoja kwamba kwa vyovyote mkataba ungekwisha baada ya siku 60, na madai yake yanakaribia dola 800. Baadhi ya wenzangu wanaona sentensi hiyo inaonyesha woga. Mimi naiweka kila mara ambapo mkataba una mlango kama huo, maana hakimu hapimi ujasiri wa anayeandika.

Shukrani ile pia ina mipaka yake. Umeona inasema «kazi iliyofanyika», haisemi «kazi nzuri». Nimesoma barua ambayo kwa sababu ya adabu mwandishi alimsifu mtoa huduma kwa «ubora wa kazi yake» katika aya ileile anayomwachisha kwa kazi mbaya. Sifa hiyo ndiyo iliyosomwa kwa sauti mahakamani. Upole unakaa katika kumpa muda, kumlipa kilicho chake na kutomtukana. Hauhitaji kusema uongo.

Tena usidai fidia ndani ya barua hii. Asubuhi ya kesho yake mlikodi jenereta ndogo ya jirani, na unayo risiti. Ihifadhi. Akikupeleka mahakamani, utaitoa. Ukiitaja sasa, unamsukuma mtu ambaye pengine alikuwa tayari kuondoka kimya.

Kuna njia moja ambayo ningeipenda kuliko zote, na simu yako kwake inaweza kuifungua. Kifungu cha 33, kama nilivyotaja, kinaruhusu wawili waliofunga mkataba waufungue kwa kukubaliana. Akikuambia kwenye simu, «Mama, hata mimi nimeelemewa, fundi wangu mkubwa amehamia Kolwezi», usimjibu kwa barua ya pili. Andikeni ukurasa mmoja: mkataba unakwisha tarehe 30 mwezi wa tisa kwa makubaliano, mwezi wa tisa unalipwa wote, dola 400, funguo na vifaa vinarudishwa siku hiyo, baada ya hapo hakuna anayemdai mwenzake chochote kuhusu mkataba huu. Daktari asaini, naye asaini, nakala mbili. Unaongeza dola 80 juu ya zile 320, na hakuna kesi. Ila hadi saini zote mbili ziwepo, siku zako 15 ziendelee kuhesabiwa, na barua ya kwanza isiondolewe.

Mwisho angalia kifungu cha 3, kwa sababu kinawaponyoka wengi. Mkataba unajirudia wenyewe kwa mwaka mwingine kama hakuna aliyeandika angalau mwezi mmoja kabla ya kuisha. Kama kwa sababu yoyote haya yote yatachelewa, au yeye akarekebisha nawe ukaamua kumvumilia, weka alama kwenye kalenda: barua ya kutoendelea iwe imepokelewa kabla ya Krismasi, usingoje tarehe 31 ambapo ofisi yao itakuwa imefungwa na hakuna wa kusaini.

Tarehe 26, fundi wao akija kwa makabidhiano, ingieni naye pamoja na sentinele kwenye chumba cha jenereta kabla ya kusaini kitu. Piga picha ya kaunta, ya kiwango cha mafuta kwenye kijiti, na ya filta zilipo. Andikeni namba ya kaunta kwenye karatasi, nyote msaini chini yake. Fundi mpya asiguse boliti hata moja kabla ya saini hizo.